Kushusha au kupandisha beta ya mfuko wa hisa kwa fyucha za fahirisi: mikataba mingapi inatosha?

Tuseme unasimamia mfuko wa hisa wenye thamani ya dola 18,400,000. Hisa umezichagua mwenyewe na bado unaziamini, ila soko kwa ujumla linakutia wasiwasi kwa miezi miwili mitatu ijayo. Mfuko una beta ya 1.15, maana yake soko likishuka kwa asilimia 1, mfuko kwa kawaida hushuka kwa asilimia 1.15. Unataka beta hiyo ishuke hadi 0.60, na hutaki kuuza hisa hata moja.

Kuuza hisa kungefika pale pale, lakini kwa gharama: ada za dalali kwa kila hisa, kodi ya faida pengine, na hisa ulizozichagua kwa taabu zimeondoka mkononi. Mikataba ya fyucha ya fahirisi, yaani makubaliano ya leo kuhusu bei ya fahirisi ya soko katika tarehe ijayo, inagusa jambo moja tu, yaani ile sehemu ya mfuko inayopanda na kushuka pamoja na soko. Hisa zinabaki zilipo.

Nitatumia mkataba wa E-mini S&P 500 wa soko la CME, unaoonekana kwenye skrini kwa alama ya ES, kwa sababu vipimo vyake vinajulikana na wengi. Kila pointi moja ya bei yake ni dola 50. Bei nilizoweka hapa ni za mfano, lakini njia ni ile ile kwa fahirisi yoyote yenye fyucha.

Hatua ya kwanza: pata beta unayoweza kuitetea

Kosa kubwa katika kazi hii huanzia hapa, kabla kikokotoo hakijaguswa. Watu huchukua beta iliyoandikwa kwenye skrini ya mtoa takwimu na kuiingiza kwenye hesabu bila kuuliza imepimwa dhidi ya fahirisi gani. Ukiuza fyucha za S&P 500, beta inayokuhusu ni ile iliyopimwa dhidi ya S&P 500. Beta iliyopimwa dhidi ya fahirisi ya dunia nzima, au ya kampuni ndogo, ni namba halali kwa kazi nyingine.

Ni bora uipime mwenyewe. Chukua mabadiliko ya asilimia ya kila wiki kwa miaka miwili, ya mfuko na ya fahirisi, uyaweke kwenye safu mbili za Excel. Tuseme fahirisi iko safu B na mfuko uko safu C:

```
=SLOPE(C3:C106, B3:B106)
=RSQ(C3:C106, B3:B106)
```

Mfuko ndio unaotangulia, fahirisi inafuata. Ukizigeuza, Excel haitalalamika. Itakupa namba inayofanana na beta lakini siyo. Kuna njia rahisi ya kujihakikishia. Mteremko ulio sahihi ukizidishwa kwa ule uliogeuzwa ni lazima utoe namba ile ile ya RSQ.

Jambo la pili ambalo wengi hulipita: mfuko wako wa miaka miwili iliyopita siyo mfuko wa leo. Kama mwaka jana ulikuwa na benki nyingi na leo una kampuni nyingi za teknolojia, historia ya thamani ya mfuko inakupa beta ya mfuko ambao haupo tena. Kwa hiyo chukua hisa ulizonazo leo, kwa uzito wa leo, kisha ujenge upya jinsi ambavyo zingekwenda katika wiki hizo 104. Pima beta kwa historia hiyo. Fedha taslimu iliyomo mfukoni nayo inahesabiwa, kwa beta ya sifuri.

RSQ inakuambia kiasi gani cha misukosuko ya mfuko kinatokana na soko. Ikitoka 0.85, fyucha zina kitu kikubwa cha kushika. Ikitoka 0.35, sehemu kubwa ya hatari yako inatokana na kampuni zenyewe au sekta zake, na hakuna idadi ya mikataba ya fahirisi itakayoipunguza. Kwa mfuko wa namna hiyo mimi nisingeanza na fyucha za fahirisi hata kidogo.

Hatua ya pili: thamani ya mkataba mmoja

Bei ya fyucha kwenye skrini ni 5,800. Fahirisi yenyewe iko 5,760. Hesabu inatumia bei ya fyucha, kwa kuwa hicho ndicho unachouza:

5,800 × 50 = dola 290,000 kwa mkataba mmoja.

Zile pointi 40 za pengo siyo utabiri wa soko kwamba fahirisi itapanda. Zinatokana na riba ya miezi mitatu iliyobaki, ukitoa gawio linalotarajiwa. Pengo hilo husinyaa siku hadi siku, na mkataba unapoisha muda wake huwa sifuri. Liweke akilini, tutalihitaji.

Hatua ya tatu: idadi ya mikataba

Kanuni ni hii:

```
N = (βT − βP) / βF × V / (F × m)
```

βT ni beta unayoitaka, βP ni beta uliyonayo, βF ni beta ya fyucha yenyewe dhidi ya fahirisi, V ni thamani ya mfuko, F ni bei ya fyucha na m ni kizidishi, hapa 50. Fyucha za fahirisi yenye biashara nyingi hutembea karibu sawa kabisa na fahirisi yake, kwa hiyo βF nitaiweka 1. Ukitumia fyucha za fahirisi moja kulinda mfuko uliopimwa kwa nyingine, lazima uipime, maana mkataba wenye beta ya 0.95 unahitaji idadi kubwa zaidi kufanya kazi ile ile.

Tuingize namba zetu:

(0.60 − 1.15) × 18,400,000 ÷ 290,000 = −0.55 × 63.45 = −34.9

Alama ya kutoa maana yake uza. Mikataba haiuzwi vipande, kwa hiyo tunauza 35. Ukitaka kujua 35 inakupa beta gani hasa, rudi kinyume: 35 × 290,000 ni dola 10,150,000, ambayo ni 0.552 ya mfuko. 1.15 kutoa 0.552 ni 0.598. Tofauti na 0.60 haina uzito. Kwa mfuko mdogo tofauti hiyo huwa kubwa, na hapo ndipo mkataba mdogo wa Micro E-mini, alama MES, unaposaidia. Kizidishi chake ni dola 5, yaani sehemu moja ya kumi ya ule mwingine.

Kabla ya kutuma oda, jiulize maswali mawili. Je, kushusha beta kumenipa alama ya kuuza? Na je, thamani ya mikataba yote inakaribia thamani ya mfuko mara tofauti ya beta? Mimi niliwahi kukabidhiwa jedwali lililosema ziuzwe fyucha 1,745. Aliyelitengeneza alikuwa amegawanya kwa 5,800 badala ya 290,000, alisahau kizidishi. Namba ilikuwa nadhifu, imekaribishwa vizuri hadi namba kamili, na ingeuza mara 50 ya kilichotakiwa. Swali la pili peke yake ndilo lililolikamata, kwa sababu mikataba hiyo ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 500.

Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi kwenda juu. Ungetaka beta ya 1.40 ungepata 0.25 × 63.45, yaani 15.9, na ungenunua mikataba 16. Ungetaka beta ya sifuri ungeuza 73, na mfuko ungekuwa unapata takriban riba ya hati fungani za muda mfupi, pamoja na chochote ambacho hisa zako zinapata zaidi ya soko au pungufu yake.

Hatua ya nne: fedha taslimu kando

Hesabu ikishakamilika wengi hudhani kazi imeisha, na hapa ndipo mikakati mizuri huvunjika. Fyucha hulipwa kila siku. Jioni soko linapofunga, faida au hasara ya siku hiyo inaingia au inatoka kwenye akaunti yako ya dhamana kwa fedha taslimu.

Fikiria umeuza 35, halafu soko, badala ya kushuka, linapanda kwa asilimia 5 ndani ya wiki mbili. Fyucha zinapanda takriban pointi 290. Umepoteza 290 × 50 × 35, yaani dola 507,500, na fedha hiyo imeshaondoka. Hisa zako nazo zimepanda kwa asilimia 5.75, sawa na dola 1,058,000, lakini faida hiyo iko kwenye karatasi tu. Ukijumlisha umepata dola 550,500, yaani asilimia 2.99, ambayo ni beta ya 0.60 kama ulivyoagiza. Mpango umefanya kazi barabara. Lakini kama hukuwa na nusu milioni ya kulipa, dalali ameshafunga mikataba yako, na pengine umelazimika kuuza hisa haraka, jambo lile lile ulilokuwa unalikwepa.

Kwa hiyo pamoja na dhamana ya kufungulia mikataba, ambayo soko huibadilisha kadiri hali inavyochafuka, weka kando fedha za kubeba soko likienda kinyume nawe. Mimi hupiga hesabu ya mwendo wa asilimia 10 kinyume kabla ya kuingia. Kwa mikataba 35 hiyo ni dola 1,015,000. Fedha hiyo ikitoka ndani ya mfuko wenyewe, kumbuka beta ya mfuko mzima imeshapungua kabla hujauza mkataba hata mmoja, kwa kuwa fedha taslimu haina beta. Irudie hatua ya kwanza.

Hatua ya tano: pima kilichotokea

Miezi miwili imepita. Fahirisi imeshuka kwa asilimia 8, kutoka 5,760 hadi takriban 5,299. Gawio limelipa asilimia 0.2, kwa hiyo aliyeshika soko zima amepoteza asilimia 7.8. Riba isiyo na hatari kwa muda huo ilikuwa asilimia 0.7.

Mfuko wenye beta ya 1.15, ukitembea kama beta yake inavyosema na hisa zisipoongeza wala kupunguza kitu, unapata 0.7 + 1.15 × (−7.8 − 0.7), yaani hasara ya asilimia 9.075. Kwa fedha ni dola 1,669,800.

Fyucha sasa zina mwezi mmoja uliobaki, na zile pointi 40 zimesinyaa hadi kama 13. Bei ni 5,312.50. Imeshuka pointi 487.50, nawe ulikuwa umeuza, kwa hiyo faida ni 487.50 × 50 × 35, yaani dola 853,125.

Hasara halisi ni dola 816,675, sawa na asilimia 4.44. Mfuko wenye beta ya 0.60 kamili ulipaswa kupoteza asilimia 4.40. Tofauti ni kama dola 7,000 katika mfuko wa milioni 18, na imetokana na bei za mfano kutolingana kikamilifu na riba niliyoitumia, pamoja na kukaribisha namba.

Tazama fyucha zilivyoshuka pointi 487.50 wakati fahirisi ilishuka 461 tu. Ziada hiyo ni lile pengo lililosinyaa, na kwako uliyeuza ni faida. Ndiyo maana mfuko unaolindwa hadi beta ya sifuri haupati sifuri, unapata riba.

Sasa upande wa pili. Tuseme beta ya kweli katika miezi hiyo ilikuwa 1.30, siyo 1.15. Hisa zingepoteza asilimia 10.35, yaani dola 1,904,400. Fyucha hazijui hilo, zinalipa 853,125 zile zile. Hasara halisi ingekuwa asilimia 5.71. Ukiondoa riba na kugawanya kwa mwendo wa soko, (−5.71 − 0.7) ÷ (−8.5), unapata beta iliyofanya kazi kweli: 0.75. Ulikosea beta ya mwanzo kwa 0.15, na matokeo yamekosea kwa 0.15 ile ile. Hakuna kitu katika kanuni kinachopunguza kosa hilo. Unaongeza desimali za idadi ya mikataba bure kama beta yenyewe inayumba kiasi hiki.

Hesabu hii ya beta iliyofanya kazi ifanye kila mwezi. Mwezi mmoja ukitoka 0.68, usiharakishe kubadilisha chochote, kwani hisa moja iliyopata habari mbaya inaweza kuleta tofauti hiyo. Ikitoka juu ya lengo miezi mitatu au minne mfululizo, soko likipanda na likishuka, beta uliyoanza nayo ilikuwa ndogo kuliko ukweli.

Hatua ya sita: rekebisha idadi

Mikataba 35 ilikuwa sahihi siku ya kwanza. Leo siyo tena. Kwa kazi hii mimi huacha kanuni kando kidogo na kufikiria kwa dola za beta, yaani thamani mara beta, kwa sababu hapo mfuko, fedha taslimu na fyucha vinajumlishwa kwa lugha moja.

Hisa zilizobaki ni dola 16,730,200. Kwa beta ya 1.15 ni dola za beta 19,239,730. Faida ya fyucha, 853,125, iko kwenye akaunti kama fedha taslimu, na dola zake za beta ni sifuri. Mfuko mzima sasa ni dola 17,583,325. Lengo la 0.60 linahitaji dola za beta 10,549,995. Cha kuondoa ni tofauti, dola 8,689,735.

Mkataba mmoja leo ni 5,312.50 × 50, yaani dola 265,625. Gawanya, unapata 32.7, basi 33. Nunua mikataba miwili uifunge.

Usipoifunga, beta yako ni 0.57 badala ya 0.60. Mwelekeo wake ndio wa kuuelewa: soko lilipoanguka, hisa zenye beta zilipungua na fedha taslimu isiyo na beta ikaongezeka, kwa hiyo idadi ile ile ya mikataba ikawa nyingi mno. Soko likipanda hugeuka. Fedha inatoka, hisa zinavimba, na mikataba 35 inakuwa michache.

Usirekebishe kila siku, ada zitakula faida. Mimi hujiwekea mpaka wa 0.05 kila upande wa lengo, kisha nakagua mara moja kwa mwezi na siku yoyote fedha nyingi zinapoingia au kutoka mfukoni. Kwa mpaka huo, 0.57 ningeiacha ilivyo hadi siku ya kusogeza mikataba mbele, kwa kuwa siku hiyo nitalipa ada hata hivyo.

Hatua ya saba: kusogeza mbele

Mikataba mikuu ya ES huisha Machi, Juni, Septemba na Desemba, Ijumaa ya tatu ya mwezi. Biashara kubwa huhamia mkataba unaofuata siku kadhaa kabla ya hapo, na wewe uhame wakati huo, bei za kununua na za kuuza zikiwa bado zimekaribiana. Fanya kwa oda moja inayonunua mkataba wa zamani na kuuza mpya kwa pamoja. Ukifanya kwa oda mbili, kuna dakika ambazo mfuko uko bila ulinzi au una ulinzi maradufu.

Idadi ya mkataba mpya ihesabiwe upya kwa dola za beta, kwa bei ya mkataba mpya. Bei hiyo kwa kawaida ni ya juu kidogo pale riba inapozidi gawio, kwa hiyo unaweza kuhitaji mkataba mmoja pungufu. Ukifunga 35 na kuuza 32 au 33 za mbele, umesogeza na kurekebisha kwa mara moja.

Na tarehe iandike mahali unapoiona. Mkataba ulioachwa hadi Ijumaa hiyo unalipwa kwa fedha, kwa thamani ya fahirisi inayotokana na bei za kufungulia soko asubuhi, kisha unatoweka kwenye akaunti. Bila mtu yeyote kubonyeza kitu, mfuko wa mfano wetu ungekuwa umerudi kwenye beta ya takriban 1.09 kabla ya saa sita mchana.